Swali la mnara na ngalawa mbili: mchoro umezibwa na kidole, dogo aandike jibu gani?

BintiMchangamdogo
A.aleikum jamani. Nna mdogo wangu yuko kidato cha tatu, jana usiku kaniletea picha ya swali kwa wasap, kaipiga kwenye fotokopi ya mwenzake, na mwenzake alikuwa kaishika ile karatasi basi kidole gumba kimelala juu ya mchoro wote, unaona ukucha vizuri kuliko swali. Maneno ni ya Kiingereza, mie nimeyageuza hivi: "Kutoka juu ya mnara wa taa wenye urefu wa mita 60, pembe za mwinamo za ngalawa mbili A na B ni 30° na 45° mtawalia, kama mchoro unavyoonyesha. (a) Tafuta umbali baina ya A na B." Kuna na (b) lakini imekatika nusu.

Mie nimefanya nikapata mita 163.9. Yeye rafiki yake kampa jibu mita 43.9. Tumekaa hapa tunagombana na sote tumetumia tan, sote tuna 60 na 103.9 kwenye karatasi, ila mimi nimejumlisha na wao wametoa. Daftari linakusanywa kesho asubuhi skuli. Aandike lipi?

Kipanga77
43.9, funga uzi tukalale. Ngalawa zipo baharini, mnara upo ufukweni, bahari ipo upande mmoja na upande wa pili ni nchi kavu. Sasa weye ukijumlisha maana yake ngalawa moja ipo baharini nyengine imepaki shambani kwenye mihogo. Kutoa tu, hakuna mjadala hapo.

Nahodha_Kojani
Kipanga yakhe mnara wa taa weye umeuona kwenye kalenda. Nenda Ras Kigomasha, kule mwisho kabisa wa Pemba kupita Makangale, simama chini ya ule mnara uelekee kaskazini. Mkono wa kushoto bahari ya mkondo, mkono wa kulia bahari kuu, mbele bahari. Mnara wa taa mara nyingi hauwekwi kati ya ufukwe ulionyooka mtu akauona kwa upande mmoja tu, unawekwa kwenye rasi au kisiwani, pahala chombo kinapozunguka. Chumbe pale mnara upo tangu 1904 na kisiwa kizima ni maji kila upande. Kwahiyo ngalawa mbili pande mbili za mnara ni kitu cha kila siku, hamna mihogo hapo.

Pweza_Mkavu
Mihogo ya Kipanga imeshaliwa na maji chumvi 😂

ShangaziWaMkoani
Samahanini naingilia. Mie nimepata tafauti na nyote, nimepata 25.4. Nimechora mnara umesimama, nikaweka 30 pale juu baina ya ukuta wa mnara na mstari unaokwenda kwenye ngalawa A, nikafanya 60 × tan30 = 34.6, na B 60 × tan45 = 60, nikatoa. Mbona hamna aliyepata hivi? Au ndo nimekosea, nilisoma zamani miye, hesabu tulizisoma kwa chaki na kibao.

BintiMchangamdogo
Shangazi hata mie mwanzo nilitaka kuweka hapo hapo nikasita. Mwinamo si ndo ile ya kutazama chini?

MwalimuMstaafu
Waalaikum salaam. Shangazi wa Mkoani kosa lako ni la watu wengi na nimelisahihisha mpaka wino umekwisha. Mwinamo haupimwi kutoka kwenye ukuta wa mnara. Mtu kasimama juu, anatazama mbele sawasawa, upeo wa bahari, halafu anainamisha macho mpaka aione ngalawa. Kiasi alichoinamisha ndo mwinamo. Kwahiyo ngalawa iliyo mbali unainamisha kidogo, iliyo karibu unainamisha sana, na ikiwa chini ya mnara kabisa umeinama 90.

Sasa jipime mwenyewe: kwa hesabu yako A yenye 30 imekuwa mita 34.6 na B yenye 45 imekuwa mita 60, yaani uliyeinamisha macho kidogo ndo yupo karibu. Haiwezekani. Hapa hatuhitaji mchoro kujua, neno lenyewe la mwinamo linatosha. Na hili nalisema kwa makusudi, kwa sababu watu wakiona mchoro haupo wanadhani kila kitu ni cha kukisia. Si kweli. Hilo la Shangazi si makisio, ni kosa. La kujumlisha au kutoa ndo makisio.

ShangaziWaMkoani
Ahsante mwalimu, nimeelewa, na nimecheka peke yangu jikoni mpaka nazi imeungua.

Mpimaji_Ng'ambo
Naona mnapigania majibu mawili wakati yapo zaidi. Nani kawaambia ngalawa zote na mnara zimo kwenye mstari mmoja? Swali lililobaki halisemi. Chukua mfano wa Nahodha, A ipo kaskazini ya mnara na B ipo mashariki. Kutoka kitako cha mnara mpaka A ni 60√3 yaani 103.9, mpaka B ni 60, na pembe pale kwenye kitako ni ya mraba. Fanya Pithagora: 3600 + 10800 = 14400, kipeo chake 120. Mita 120 kamili, bila desimali, namba safi kuliko zenu zote.

Na si tatu tu. Kama pembe baina ya A na B ukitazama kutoka kitako cha mnara ni θ, basi

```
d² = 60² + (60√3)² − 2·60·60√3·cos θ
```

Weka θ = 0 unapata 43.9, weka 180 unapata 163.9, weka 90 unapata 120. Baina ya hapo kila jibu linaingia. Kwahiyo bila mchoro swali lenyewe halina jibu moja, lina kuanzia 43.9 mpaka 163.9 na kila mmoja wenu yupo sahihi kwa mchoro wake wa kichwani.

Kipanga77
Sasa hii ya kosini ya kidato cha tatu? Unamtia dogo homa. Mie nasema skuli ikiwa swali halijasema kitu basi ni upande mmoja, ndo kawaida.

MwalimuMstaafu
Kipanga, kawaida ya wapi? Mie nimefundisha vitabu vingi, maswali ya "upande mmoja" na ya "pande mbili" yote yapo, na mara nyingi huwa yameandikwa, na pale yasipoandikwa ndo mchoro unafanya kazi hiyo. Hili letu linasema "kama mchoro unavyoonyesha", maana yake mtungaji kaliacha hilo kwenye mchoro kwa makusudi. Lakini upo nusu sahihi katika jambo moja: maswali ya ngazi hiyo karibu yote yanaweka kila kitu kwenye mstari mmoja, hiyo ya Mpimaji ya kaskazini na mashariki huwa wanaitaja dira, husema moja ipo kaskazini nyengine mashariki. Hapa dira haikutajwa. Kwahiyo mie ningeiweka pembeni, si kwa kuwa haiwezekani, ila kwa kuwa mtungaji asingeliinyamazia.

Mpimaji_Ng'ambo
Hapo nakubali nusu. Asingeliinyamazia kwenye maneno, lakini kama ipo kwenye mchoro je? Mchoro ndo uliozibwa.

DogoKidatoChaNne
Mie naona aandike zote tatu mwalimu achague. Nilifanya hivyo kwenye mok nikaandika majibu mawili, moja juu moja chini.

Pweza_Mkavu
Na ukapata ngapi?

DogoKidatoChaNne
Sitaki kusema.

MwalimuMstaafu
😄 Mie nisingelikupa. Majibu matatu yaliyopangwa kama nguo kwenye kamba hayaonyeshi kwamba umejua lolote, yanaonyesha umekwepa. Kama moja lapo ni sahihi mwanafunzi anataka alama ya hilo, na yale mawili ya makosa anataka yasihesabiwe. Chagua moja, useme umechagua nini, halafu ulifanye mpaka mwisho. Baadaye ukitaka ongeza mstari mmoja tu wa kusema ingelikuwa vyengine kingelibadilika nini.

Binti, mdogo wako mwambie aandike namna hii, nimefupisha:

"Mchoro wa swali hauonekani kwenye nakala yangu. Nimechukulia kwamba A na B zipo upande mmoja wa mnara, kwenye mstari mmoja na kitako chake, na kwamba kitako cha mnara kipo usawa wa bahari. Umbali wa A kutoka kitako = 60 ÷ tan30 = 103.9. Umbali wa B = 60 ÷ tan45 = 60. AB = 103.9 − 60 = mita 43.9. Kama mchoro unaonyesha pande mbili tafauti, hatua ya mwisho tu inabadilika: 103.9 + 60 = mita 163.9."

Na achore mchoro wake mwenyewe, aandike juu yake "mchoro wangu". Asiuchore halafu akakaa kimya kama kwamba ndo wa mtungaji.

Angalieni kitu kimoja hapo. Zile hatua mbili za mwanzo, 103.9 na 60, hazitegemei mchoro kabisa. Awe Kipanga, awe Binti, awe Mpimaji na dira yake, wote wanazo. Makisio yanaingia kwenye mstari mmoja wa mwisho. Mwanafunzi akijua makisio yake yamekaa mstari gani, msahihishaji akiona hakukubaliana nayo anajua aanzie wapi kukata, hakati kazi yote.

Nahodha_Kojani
Mwalimu hiyo ya "kitako kipo usawa wa bahari" nimeipenda, maana nilikuwa nataka kuuliza. Maji yaliyojaa au maji yaliyokupwa? Bamvua huku kwetu baina ya kujaa na kupwa inafika mita 4 hivi. Sasa mita 60 hizo zimepimwa wakati gani? Usiniambie haina maana, mie nyavu zangu zinaijua maana yake.

Pweza_Mkavu
Hakika lazima aje mvuvi aulize maji 🤣

Mpimaji_Ng'ambo
Msimcheke, ni swali zuri. Umbali wote ni urefu ukizidisha kwa namba, kwa hii ya upande mmoja ni 60 × 0.732. Maji yakipwa mita 4 unatazama kutoka mita 64 badala ya 60, jibu linakuwa 46.9 badala ya 43.9. Mita tatu hivi. Kwa nahodha ni kitu, kwa swali la darasani mtungaji hakulifikiria.

Lakini hapa sikubaliani kidogo na mwalimu. Kama kila kitu unaandika "nimechukulia", utaandika nimechukulia dunia ni bapa, nimechukulia ngalawa ni nukta, nimechukulia hakuna upepo, karatasi itajaa. Ningeacha ya usawa wa bahari. Andika yale tu ambayo mtu mwengine mwenye akili zake angeliweza kuchukulia kinyume.

MwalimuMstaafu
Kinyume kipo. Mnara ukiwa juu ya jabali, "urefu wa mnara" ni kutoka jabali kwenda juu, si kutoka baharini. Nimewahi kuona swali lina mnara wa mita 20 juu ya jabali la mita 40, na mchoro ndo uliokuwa na lile jabali, maneno hayana. Anayechukulia 20 kapotea moja kwa moja. Kwahiyo naiacha pale pale. Ya dunia bapa sawa, nimekuachia.

FundiBati_Chake
Nimesoma kimya kimya muda mrefu, sasa niseme la kwangu ingawa si la skuli. Mwaka juzi mtu yuko ng'ambo kanitumia picha ya ramani ya nyumba kachora kwa mkono, futi 20 kwa 30, kona moja ya karatasi imekunjwa. Akanambia nipigie hesabu ya mbao na bati. Mie nikachukulia 20 kwa 30 ni nje kwa nje, ndo tunavyopima sisi mapaa. Kumbe yeye kapima ndani kwa ndani, vyumba. Kuta za tofali la inchi 6, kila upande mbili, basi nje inakuwa 21 kwa 31. Hujaweka bado michirizi. Futi mraba 600 imekuwa 651, bati zikapungua na ni za rangi ambayo duka lishamaliza, paa lina mistari miwili mpaka leo ukipita unaiona.

Ubaya wenyewe sikuwa nimekosea hesabu. Na pale kwenye kona iliyokunjwa baadaye nikaambiwa ndo palikuwa pameandikwa "ndani". Ningelimuandikia tu "nimechukulia nje kwa nje" kabla sijakwenda dukani angelinambia hapo hapo. Yeye kalalamika, mie nikalalamika, na sote tuna haki.

ShangaziWaMkoani
Pole fundi. Lakini hiyo si kosa lako ati, mchoraji ndo aseme.

FundiBati_Chake
Shangazi bati alinunua nani? 😅

BintiMchangamdogo
Jamani nimerudi. Nimemwambia amwambie mwenzake atoe kidole, mwenzake anasema karatasi alishairudisha kwa mwenyewe. Lakini kaleta picha ya pili aliyokuwa nayo, ya chini ya ukurasa, na ina ile (b) zaidi kidogo. Nimeizumu mpaka simu imepata moto. Inasomeka: "(b) Ngalawa A, iliyo mbali zaidi na mnara, inakwenda moja kwa moja kuelekea" halafu pamekatika ukingoni, mstari wa chini unaendelea "kwa sekunde 22 mpaka inafika. Tafuta mwendo wake." Mchoro bado haupo.

Kipanga77
Haya! Nilisema nini. 43.9 ukigawa kwa 22 unapata 2 sawasawa, mita 2 kwa sekunde. Namba imekaa kama imetiwa na fundi. Na ukichukua 163.9 kwa sekunde 22 unapata 7.45, yaani kama kilomita 27 kwa saa. Nahodha, ngalawa gani hiyo inakwenda 27?

Nahodha_Kojani
Ngalawa ya matanga? Labda inaporomoka na kimbunga. Na mashine ya boti inawezekana lakini hiyo sasa si ngalawa, ni boti. Mita 2 kwa sekunde ndo mwendo wa ngalawa yenye upepo wa wastani, hapo Kipanga leo kaotea.

DogoKidatoChaNne
Pia kama zipo pande mbili A haiwezi kwenda moja kwa moja mpaka B, si itaugonga mnara? Mnara umo katikati ya njia.

MwalimuMstaafu
Dogo hiyo ndo hoja nzuri kuliko zote za leo. Kwa mchoro wa pande mbili kwenye mstari mmoja, njia iliyonyooka kutoka A kwenda B inapita kitakoni mwa mnara. Kwahiyo kama neno lililokatika ni "B", basi pande mbili imekufa. Na kile kipande cha "iliyo mbali zaidi na mnara" kinathibitisha tuliyomwambia Shangazi, mwenye 30 yupo mbali. Hii ndo faida ya kusoma vipengele vya chini kabla hujachagua, mara nyingi (b) inakuchungulisha kilichokuwepo kwenye mchoro.

Mpimaji_Ng'ambo
"Kama neno lililokatika ni B." Lakini linaweza kuwa "mnara". A inakwenda moja kwa moja kuelekea mnara kwa sekunde 22 mpaka inafika. Hapo ni 103.9 gawanya 22, mita 4.7 kwa sekunde, na (b) haikwambii chochote juu ya B, B inaweza kuwa popote. Tena hiyo 120 yangu inapita salama, kutoka kaskazini kwenda mashariki A haigusi mnara.

Na hii ya namba safi jihadharini nayo. 43.9 kwa 22 ni 1.995, si 2. Na 120 ilitoka kamili kabisa, mbona hamkuiamini kwa usafi wake? Namba ikitoka nzuri ni dalili, si ushahidi.

Kipanga77
120 imetoka kamili kwa bahati ya 30 na 45.

Mpimaji_Ng'ambo
Na 2 yako imetoka kwa bahati ya 22.

Pweza_Mkavu
Yamekuwa haya, leteni kahawa na tende.

ShangaziWaMkoani
Mie nna swali jengine. Binti kaligeuza swali kutoka Kiingereza. Hiyo "mtawalia" ipo kwenye karatasi au kaitia yeye? Maana kama haipo hatujui 30 ni ya A au ya B.

BintiMchangamdogo
Ipo Shangazi, nimeiangalia tena sasa hivi, ipo. Ila umenishtua kwa jengine, nimeandika "kutoka juu ya mnara" na Kiingereza chake ni "kutoka kileleni". Nadhani ni sawa?

MwalimuMstaafu
Ni sawa. Lakini Shangazi kagusa jambo la kweli, anayepeleka swali aliloligeuza aseme kaligeuza, kama ulivyosema weye mwanzo. Kuna wanaoleta swali limeshakuwa Kiswahili tupu, "pembe" imepoteza kama ni ya kuinamisha au ya kuinua, halafu tunagombana na mtungaji kumbe tunagombana na mfasiri.

Na dogo Binti, kwa kuwa umesema "nadhani": kwenye daftari asiandike "nadhani zipo upande mmoja". Nadhani ni ya mtu asiyejua. Aandike "nimechukulia". Hiyo ni ya mtu aliyeamua na anajua kaamua nini.

FundiBati_Chake
Mie hapo nasema tafauti mwalimu. Kwenye kazi neno "nimechukulia" watu wanalisoma wanalipita, wanaona maneno ya fundi. Siku hizi naandika swali: "Hii ni nje au ndani? Nisipojibiwa mpaka Alhamisi naikata kama nje." Ndo wanajibu.

MwalimuMstaafu
Kwa mteja sawa, anajibu. Karatasi ya mtihani haijibu.

DogoKidatoChaNne
Lakini mwalimu si unaweza kunyanyua mkono ukamuuliza msimamizi? Sisi kuna siku mchoro haukutoka kwenye karatasi za chumba kizima, tukanyanyua mkono, wakaenda wakaja na karatasi nyengine.

MwalimuMstaafu
Ndio, mchoro ukiwa haukuchapwa, nyanyua mkono mwanzo kabisa, kabla hujaandika kitu. Anayekisia wakati mchoro upo kwenye karatasi ya jirani kapoteza. Hili la Binti ni tafauti, karatasi imeshaondoka.

BintiMchangamdogo
Basi kaamua mwenyewe. Kaandika upande mmoja, mita 43.9, kaweka ile sentensi ya mwalimu juu kabisa na mstari wa 163.9 chini. Ya Mpimaji hakuitia, kasema 120 ni nzuri lakini hajui kuieleza akiulizwa. Kwenye (b) kachukulia kuelekea B, mita 2 kwa sekunde, kaandika pia kwamba neno limekatika kwenye picha. Ahsanteni nyote.

Mpimaji_Ng'ambo
Hapo kwenye (b) kafanya vizuri kuliko sisi. Ila atuletee mchoro ukipatikana, mie nna dau na Kipanga.

Kipanga77
Dau la nini, sikusema dau.

Nahodha_Kojani
Dau la mihogo. Na mumuulize mwalimu wao huo mnara wa mita 60 uko wapi, maana wetu wa Kigomasha haufiki huko.

BintiMchangamdogo
Nimerudi jamani, daftari limerudi. Kapata tiki kwenye (a). Mchoro mwalimu kaurejea ubaoni lakini dogo siku hiyo hakwenda skuli, kamuuliza mwenzake zilikuwa upande mmoja au pande mbili, mwenzake kasema "zilikuwa zimekaa tu". Kwenye (b) hakuna tiki wala mkasi, pana alama ya kuuliza kwa wino mwekundu na neno moja siwezi kulisoma. Nalipiga picha nilete?

Pweza_Mkavu
Lete, ila toa kidole.

ShangaziWaMkoani
🤣🤣🤣